Kigunduzi chako kina tarehe ya kuharibika

Nimekuwa kimya kidogo hapa, kazi imenibana, lakini kuna jambo limenikaa kooni na leo nalitema. Kila nikifungua mtandao naona mtu anauza programu ya kugundua maandishi yaliyoandikwa na mashine. Kwenye tangazo kuna asilimia imeandikwa kwa herufi nene, tisini na kitu. Kando yake hakuna anayeandika asilimia hiyo ilipimwa lini, wala dhidi ya mashine gani. Ni kama kuuziwa pakiti ya maziwa isiyo na tarehe. Maziwa huenda yalikuwa mazuri sana. Swali ni yalipakiwa siku gani.

Leo nataka tuangalie kwa nini mashine za zamani zilizo ndogo hukamatwa kirahisi kuliko hizi kubwa za karibuni, na hilo linatuambia nini kuhusu muda ambao kigunduzi kinaweza kuaminiwa. Sitazungumza hewani. Kuna mfano mmoja mzuri ambao data yake iko wazi hadi leo, na yeyote mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuurudia. Ni GPT-2.

Familia moja, saizi nne

Mwaka wa 2019 OpenAI walitoa GPT-2 kwa awamu. Ndogo kabisa ilitoka Februari, na kubwa kabisa, yenye vigezo bilioni 1.5, ilitoka Novemba. Uzuri wa familia hii ni kwamba wote wanne wana mfumo mmoja, wamefundishwa kwa data moja (kurasa za mtandao walizoziita WebText), na tofauti yao kubwa ni saizi. Kwa hivyo ukitaka kujua saizi pekee inafanya nini, hapa ndipo pa kutazama.

Waliachilia pia rundo la data kwa watafiti wa ugunduzi, liitwalo `gpt-2-output-dataset`. Ndani yake kuna maandishi 250,000 ya watu na maandishi 250,000 ya kila modeli, kwa njia mbili za kuandika ambazo nitazieleza. Kisha wakaweka kigunduzi cha kimsingi kabisa cha kulinganishia. Hakuna maajabu ndani yake: kinahesabu maneno na jozi za maneno, kinayapa uzito, kisha kinachora mstari kati ya watu na mashine. Kwa Python ni mistari michache:

```python
from sklearn.feature_extraction.text import TfidfVectorizer
from sklearn.linear_model import LogisticRegression

vek = TfidfVectorizer(ngram_range=(1, 2), min_df=5)
X = vek.fit_transform(maandishi)
kigunduzi = LogisticRegression(solver='liblinear').fit(X, lebo)
```

Haya, matokeo waliyochapisha ni haya. Kumbuka nusu ya maandishi ni ya watu na nusu ya mashine, kwa hivyo mtu anayerusha sarafu angepata 50%.

```
modeli        bila kukata    k=40
small-117M      88.29%      96.79%
medium-345M     88.94%      95.22%
large-762M      77.16%      94.43%
xl-1542M        74.31%      92.69%
```

Soma kwanza safu ya kushoto kutoka juu kwenda chini. Saizi mbili za kwanza zinalingana karibu kabisa, kisha kuna mteremko mkali. Kigunduzi ni kilekile, njia ni ileile, lakini modeli ilipokuwa mara kumi na tatu kwa ukubwa, kigunduzi kilipoteza pointi 14. Ukipima kutoka kwenye ile 50% ya sarafu, kilikuwa na pointi 38 za ujuzi, zikabaki 24.

Sasa soma kutoka kushoto kwenda kulia. Safu ya kulia iko juu kila mahali, na inateremka polepole mno. Kwa nini? Hapo ndipo siri yote ilipo, kwa hivyo tukae hapo kidogo.

Mkia wa maneno mabovu

Modeli ya lugha inaandika neno moja baada ya jingine (kusema kweli ni vipande vya maneno, na GPT-2 ina vipande 50,257 vya kuchagua). Kila hatua inatoa orodha ya vipande vyote na uwezekano wa kila kimoja. Juu ya orodha kuna vichache vyenye akili. Chini kuna mkia mrefu wa maelfu ya vipande ambavyo kila kimoja kina uwezekano mdogo sana.

Njia ya kwanza, ile ya safu ya kushoto, ni kuchagua kutoka orodha nzima kwa uaminifu, kila kipande kwa kadiri ya uwezekano wake. Shida ni kwamba modeli ndogo haijui kuupanga mkia wake. Inaweka uwezekano kidogo kwenye maneno ambayo hakuna mtu angeyaandika mahali hapo. Kidogo, lakini unachagua mara mia tatu katika aya chache.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme 1% ya uwezekano wa modeli ndogo, kila hatua, iko kwenye maneno mabovu. Uwezekano wa kuandika hatua 300 bila kuteleza hata mara moja ni 0.99 kwa kipeo cha 300, yaani karibu 5%. Karibu kila ukurasa utakuwa na doa. Sasa tuseme modeli kubwa imepunguza uchafu huo hadi 0.1%. Hatua zilezile 300 sasa zinapita safi mara 74 kati ya 100. Kosa limepungua mara kumi kwa neno moja, lakini kwa ukurasa mzima tumetoka "karibu wote wana doa" hadi "wengi hawana". Kigunduzi kilichokula madoa kimebaki na njaa.

Njia ya pili ni kuukata mkia. Unasema: chagua katika vipande 40 vya juu tu, vingine vyote tupa. Hiyo ndiyo `k=40`. Ukisoma maandishi yake unaona yametulia, hayarukiruki, na mtu wa kawaida anadanganyika kwa urahisi zaidi. Lakini kigunduzi kinafurahi! Sababu ni kwamba kwenye ule mkia hakukuwa na takataka pekee. Kulikuwa na majina ya watu, ya mitaa, ya dawa, ya samaki, maneno ambayo hayatarajiwi lakini ni halali. Watu huyaandika kila siku. Wenye data hiyo walieleza hilo wenyewe: maandishi yaliyokatwa mkia yana majina ya pekee machache mno na viwakilishi vingi mno. Kigunduzi cha kuhesabu maneno hakihitaji kujua maana ya sentensi. Kinaona tu kwamba kuna kitu hakipo.

Umeona mtego uliokuwa umeibana mashine ndogo? Ikiandika bila kukata, inaacha takataka. Ikikata, inaacha pengo. Kila njia ina alama ya kidole. Mashine kubwa inatoka kwenye mtego huu kwa sababu mkia wake una adabu, kwa hivyo haihitaji kukatwa sana. Na ndiyo maana safu ya kulia inateremka polepole: alama ya kidole ya kukata ni ya kisu, si ya modeli. Aliyetumia kisu kilekile kwenye modeli kubwa ataacha alama karibu ileile.

Mashine inafundishwa kula chakula cha kigunduzi

Kuna watu huniambia, "Lakini na vigunduzi pia vitaboreshwa." Ndiyo, vitaboreshwa. Lakini hebu tazama mashine inafundishwa kufanya nini hasa.

Wakati wa mafunzo modeli inapewa maandishi ya watu na kuulizwa neno linalofuata. Inapokosea, vigezo vinasukumwa kidogo. Kipimo cha kosa hilo, ukikifungua kihesabu, kina sehemu mbili. Moja ni mashaka ya lugha yenyewe: hata mimi sijui neno lako linalofuata, na hakuna mafunzo yatakayoondoa hilo. Ya pili ni umbali kati ya mgawanyo wa maneno wa modeli na mgawanyo wa maneno wa watu. Mafunzo yanaweza kupunguza ile ya pili tu. Na ile ya pili ndiyo hasa kigunduzi kinachokula. Hawa wawili wanagombania sahani moja, ila mmoja ana maelfu ya mashine zinazofanya kazi usiku na mchana.

Kwa familia yetu ya GPT-2 kupungua huko kunaonekana. Kwenye jaribio la WikiText-103, ambalo hupima modeli inashangazwa kiasi gani na maandishi ya watu, ndogo kabisa ilipata 37.50 na kubwa kabisa 17.48. Maana yake, ndogo inabahatisha kila neno kana kwamba inatupa dadu yenye pande 37 na nusu, kubwa kana kwamba dadu ina pande 17 na nusu. Mashaka ya lugha ni yaleyale kwa zote mbili. Kilichopungua ni umbali.

Mwaka wa 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland waliandika kikomo cha jambo hili kwa fomula moja fupi:

```
AUROC <= 1/2 + TV - TV^2/2
```

Usiogope. TV ni umbali kati ya maandishi ya watu na ya mashine, kuanzia 0 (ni kitu kimoja) hadi 1 (hayafanani kabisa). AUROC ni hivi: mpe mtu andishi moja la binadamu na moja la mashine, je, mara ngapi atasema sawasawa lipi ni la nani? Weka TV ya 0.9 na kigunduzi bora kuliko vyote, hata ambacho bado hakijatengenezwa, kinaweza kufika 0.995. Weka 0.5, kikomo kinashuka hadi 0.875. Weka 0.2, ni 0.68. Hapo hata ukiajiri wahandisi wote wa Nairobi, huvuki.

Kuna nafuu moja. TV hiyo hukua kadiri andishi linavyorefuka, kwa sababu vidokezo vidogo hujumlika. Ndiyo maana kigunduzi kile cha 2019 kilishuka kama 15% kwenye maandishi ya herufi 500, yaani aya moja ndefu. Kwa hivyo modeli inapokua, kinachobadilika ni bei: unahitaji ukurasa mahali ambapo zamani ulihitaji aya. Mwalimu mwenye insha ya aya moja hawezi kulipa bei hiyo.

Na macho yetu hayana nafuu. OpenAI walipotoa GPT-3 mwaka wa 2020, waliwapa watu habari fupi za magazeti, nyingine za kweli na nyingine za mashine. Kwa modeli ndogo kabisa ya familia hiyo watu walipatia 76%. Kwa ile ya vigezo bilioni 175 walipatia 52%. Hiyo ni sarafu, na kidogo ya juu.

Mshale unaelekea nyuma tu

Sasa tufike kwenye tarehe ya kuharibika. Pamoja na GPT-2 kubwa, OpenAI walitoa kigunduzi chenye nguvu zaidi kilichojengwa juu ya RoBERTa, na walisema kinakamata karibu 95% ya maandishi ya modeli ile kubwa. Ndani ya ripoti yao kulikuwa na jambo ambalo kwangu ni muhimu kuliko hiyo 95%. Kigunduzi kilichofundishwa kwa maandishi ya modeli kubwa kiliweza kukamata ndogo vizuri. Kilichofundishwa kwa maandishi ya modeli ndogo kilifanya vibaya kwenye kubwa.

Fikiria maana yake. Siku unapofundisha kigunduzi, unatumia modeli zilizopo. Modeli zitakazotoka kesho zitakuwa bora. Kwa hivyo kila kigunduzi kinazaliwa kikiwa upande mbaya wa mshale huo. Kinaona vizuri jana yake, na kazi unayokitumia ni ya kesho.

Wala si lazima modeli mpya itoke. Katika data ileile, modeli ya 1542M ilifundishwa kidogo zaidi kwa maoni ya wateja wa Amazon, na kigunduzi cha kimsingi kikashuka kutoka 92.7% hadi 70.2%. Karibu nusu ya anguko hilo ni kwa sababu maoni hayo ni mafupi. Nusu nyingine ni mtindo kubadilika tu. Mashine ni ileile, kilichobadilika ni nguo.

Kuna ubaya zaidi ya kupitwa. Dalili inaweza kugeuka. Ngoja nitoe mfano wa Kiswahili. Chukua sentensi hii: "Kitabu ambacho mwalimu wa shule ya karibu na soko aliwanunulia wanafunzi wake kimepotea." Kati ya "kitabu" na "kimepotea" kuna maneno 11. Modeli ndogo iliyoonja Kiswahili kidogo husahau ngeli njiani, inaona "wanafunzi" karibu, inaandika "wamepotea". Zamani ungeweza kutengeneza kigunduzi kizuri kwa kuhesabu makosa ya upatanisho peke yake: makosa mengi, basi ni mashine. Modeli kubwa ya leo inakumbuka ile "ki" bila shida. Na mtu wa Nairobi je? Anakuandikia "hiyo kitabu imepotea" na hajali. Kigunduzi chako cha zamani sasa kinamwita binadamu mashine na mashine binadamu. Angalau maziwa yakiharibika hunuka. Hiki kinaendelea kutoa asilimia zake kwa uso mkavu.

Anayelipia ni nani

Rafiki yangu mmoja huandika makala za Kiingereza kwa wateja wa ng'ambo. Mwaka jana mteja mmoja alirudisha makala yake bila malipo, na picha ya kigunduzi chenye rangi nyekundu. Akanipigia simu jioni hiyo.

"Buda, hii kitu inajuaje? Nimeandika na hii mikono yangu."

Nilimwambia ukweli: haijui. Inapima kama maneno yako yanatabirika, kisha inalinganisha na kizingiti ambacho mtu fulani alikiweka siku fulani.

Hapa ndipo ukubwa wa modeli unapomfikia mtu mfukoni. Mashine zikikaribia watu, alama za pande mbili zinaingiliana, na mwenye kigunduzi ana njia mbili tu. Akiacha kizingiti palepale, mashine zinampita. Akikishusha ili azikamate tena, anaanza kukamata watu. Na watu wa kwanza kukamatwa si wowote tu. Ni wale ambao Kiingereza chao ni safi, cha shuleni, chenye maneno ya kawaida, kwa sababu maneno ya kawaida ndiyo yanayotabirika. Mwaka wa 2023 watafiti wa Stanford walipima vigunduzi saba kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani 61.3% ya insha hizo ziliitwa za mashine. Wakaipa ChatGPT kazi ya kutia insha hizohizo maneno ya kifahari, na shutuma zikashuka hadi 11.6%. Soma tena hapo. Ili uonekane binadamu, ilibidi mashine ikuandikie.

OpenAI wenyewe walijaribu tena. Tarehe 31 Januari 2023 walitoa kigunduzi kipya na wakasema wazi kwamba kinakamata 26% ya maandishi ya mashine na kinawashutumu bure watu 9%. Tuchukue insha 1,000 ambapo 100 ni za mashine. Kitakamata 26. Katika zile 900 za watu kitashutumu 81. Jumla ya nyekundu ni 107, na katika hizo ni 26 tu ambazo ni za mashine kweli. Mwenye rangi nyekundu ana uwezekano wa robo tatu kuwa hana hatia. Tarehe 20 Julai mwaka huohuo walikiondoa kwa sababu ya usahihi mdogo. Chini ya miezi sita, na wao ndio wenye mashine.

Lakini ChatGPT si ina sauti yake?

Ina. Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu mtu atasema mashine za leo anazitambua kwa mbali. Modeli za mazungumzo hazifundishwi maandishi ya watu pekee. Baada ya hapo hufunzwa tena kujibu kwa namna inayopendeza, na hilo huzipa tabia: adabu ileile, orodha zilezile, maneno yanayopendwa. Neno `delves` liliongezeka ghafla kwenye muhtasari wa makala za kitabibu kuanzia 2023. Kwa hiyo kigunduzi kilichofundishwa juzi kinaweza kufanya vizuri dhidi ya modeli ya juzi iliyoachwa izungumze kwa sauti yake ya kawaida.

Lakini angalia kimekamata nini. GPT-2 ilikamatwa kwa udhaifu, kwa kuwa haikuweza kuandika vinginevyo. Hizi zinakamatwa kwa mazoea, na mazoea huachwa. Mtumiaji akisema "andika kama barua ya mjomba", sauti inabadilika. Toleo jipya likitoka, maneno yanayopendwa yanabadilika. Na watu nao wanaokota maneno ya mashine wanazosoma kila siku, na wengine walikuwa nayo tangu zamani: Aprili 2024 mwekezaji mmoja wa Marekani aliposema kwamba `delve` ni dalili ya ChatGPT, Wanaijeria walimjia juu, kwa sababu kwao hilo ni neno la kawaida la Kiingereza cha shule. Dalili ya aina hii haiozi kwa miaka. Inaoza kwa kasi ya matoleo.

Jinsi ya kuandika tarehe kwenye pakiti

Kama kazini kwako wanataka kununua au kujenga kigunduzi, usikubali asilimia moja tupu. Fanya hivi.

Kwanza, kusanya maandishi ya watu wa aina utakayowapima, sio ya watu wowote. Kama ni wanafunzi wa Kisumu, basi insha za wanafunzi wa Kisumu. Ni vizuri ziwe za kabla ya Novemba 2022, kwa sababu baada ya ChatGPT kutoka huwezi tena kuapa kwamba rundo la maandishi ya mtandaoni ni la watu watupu.

Pili, weka kizingiti kwa kuangalia watu hao peke yao. Amua kwanza unavumilia kushutumu wangapi bure, tuseme 1%, kisha uone kinachobaki cha kukamata:

```python
kizingiti = np.quantile(alama_za_watu, 0.99)
imekamata = (alama_za_mashine > kizingiti).mean()
```

Mpangilio huo ni muhimu. Ukianza na mashine utashusha kizingiti hadi ufurahi, na watu watalipa.

Tatu, usichanganye modeli zote kwenye namba moja. Zigawe kwa mwaka zilipotoka na upime kila kundi kando. Utakachotafuta ni umbo la mteremko: `imekamata` ikiwa juu kwa 2019 na ikishuka kila mwaka unaofuata, basi una kigunduzi cha historia. Wastani utaficha hilo, kwa kuwa modeli za zamani zinazokamatika kirahisi zitaubeba. Mtu anaweza kukuuzia 90% ambayo nusu yake ni GPT-2.

Nne, rudia hesabu hiyo kila modeli kubwa inapotoka, kwa urefu uleule wa maandishi, na uandike siku. Ikishuka chini ya kiwango ulichoamua mwanzoni, kizime. Usishushe kizingiti. Kukizima kunauma kwa sababu mtu alikilipia, lakini OpenAI walizima chao na dunia haikuanguka.

Rafiki yangu yule hakulipwa mpaka leo. Nilimsaidia kumwandikia mteja maswali matatu: kigunduzi chako kilipimwa lini mara ya mwisho, kwa modeli zipi, na kwa insha za watu gani? Hajajibiwa. Nanyi yawekeni maswali hayo mahali karibu, mtayahitaji.